Barua mbili za fundi mmoja: ya kwanza haikukubaliwa, ya pili ikampa miezi kumi ya kulipa deni la kodi

Naandika hiki kisa kwa ruhusa ya mwenyewe, jina lake naliacha. Ni fundi seremala wa makabati, ana karakana yake na msaidizi mmoja, mimi ndo namsaidia mahesabu kwa mwezi mara moja au mbili. Siku hiyo kanipigia simu asubuhi sauti imekauka, anasema dada nimeletewa notisi ya kodi ya milioni 4 na laki 8 na natakiwa kulipa ndani ya siku 30, na mimi kodi nilishakatwa, sasa hii ni ya nini tena?

Nianze na hapo kwenye "nilishakatwa", maana ndo chanzo cha yote na mafundi wengi wanaingia hapohapo. Mwaka uliopita alipata kazi kubwa ya kufunga makabati kwenye jengo zima, malipo yalikuja kwa mafungu matatu na kila fungu yule mteja alikata asilimia ndogo akaipeleka mamlaka ya kodi. Hiyo inaitwa kodi ya zuio. Fundi akaamini hapo kamaliza, kumbe kwa kazi yake ile zuio ni malipo ya mwanzo tu, mwisho wa mwaka inapigwa hesabu ya faida yote, unaangaliwa unadaiwa kiasi gani, kile kilichozuiwa kinatolewa na kinachobaki unalipa wewe mwenyewe. Yeye hakuweka kitu pembeni. Ile hela iliyoonekana ni faida aliichanganya na ya matumizi, akanunua na mashine ya kukatia mbao kwa mkopo, mwaka ukaisha. Notisi ilivyokuja kodi yenyewe ilikuwa 4,350,000 na riba na faini ya kuchelewa 450,000.

Sasa kabla hajanitafuta alikuwa ameshaandika barua peke yake na kuipeleka, siku ya 12 tangu apate notisi. Kuwahi kule kulimsaidia sana, nitarudi hapo. Ila barua yenyewe ilikuwa kurasa mbili na nusu. Ukurasa wa kwanza wote anaeleza maisha, watoto, mteja aliyemzungusha, msaidizi aliyeumia kidole. Ukurasa wa pili anasema kodi hii sio sahihi maana alishakatwa. Halafu mwishoni kabisa kwa mistari miwili anaomba alipe kwa awamu, milioni 1 na laki 2 kila mwezi kwa miezi minne, "au kadri Mungu atakavyonijalia".

Siku ya 19 akapigiwa na ofisa wa madeni. Fundi anasema yule ofisa hakuwa mkali hata kidogo, alimuuliza maswali mawili tu. La kwanza, unapinga deni au unaomba kulipa kwa awamu? La pili, hii milioni na laki mbili kila mwezi inatoka wapi? Yote mawili fundi alibaki anasema "aah, yaani". Ofisa akamwambia alete barua nyingine inayojibu hayo pamoja na viambatanisho. Ndo nikapigiwa simu.

Mimi nayaona yale maswali mawili ndo barua nzima. Anayesoma hayuko pale kupima nani ana shida zaidi, mezani kwake ana mafaili ya watu wenye shida kibao. Anachotakiwa kukiamua ni kama kiasi ulichoandika kitaingia kweli kila mwezi mpaka deni liishe, na kama kuna sababu ya yeye kuamini hivyo. Basi. Kila sentensi isiyomsaidia kuamua hilo inamchelewesha.

Swali la kwanza tulilimaliza mezani kwa nusu saa. Tulichukua vyeti vya zuio vitatu, tukalinganisha na mchanganuo ulioko kwenye notisi, vyote vitatu vilikuwa vimehesabiwa. Mapato waliyoandika yalilingana na ya kwenye ritani yake, yaani ile taarifa ya mapato aliyoipeleka mamlaka ya kodi. Kwa hiyo deni ni sahihi, hakuna cha kupinga. Kama tungekuta cheti kimoja kimesahaulika hapo ilikuwa ni njia nyingine kabisa, inaitwa pingamizi, ina fomu yake na siku zake za mwisho, na ukichanganya pingamizi na ombi la awamu ndani ya barua moja unajiumiza pande zote mbili, maana huku unasema sidaiwi huku unaomba muda wa kulipa unachodaiwa. Ukiona deni limekosewa pinga kwanza ndani ya siku zilizoandikwa kwenye notisi, na kama kuna sehemu unaikubali, hiyo ndo unaweza kuiombea awamu, kwa barua yake peke yake.

Swali la pili ndo lilikula jioni nzima.

Tulichapisha stetimenti ya benki ya miezi sita. Ukiiangalia harakaharaka fundi anaonekana tajiri, kwa wastani inaingia 3,900,000 kwa mwezi. Hapa panahitaji umakini kwa mtu yeyote anayefanya kazi ya ufundi, maana ofisa ataiona stetimenti hiyohiyo na atajiuliza mbona huyu ana hela anaomba muda mrefu wa kulipa. Ukweli ni kwamba wateja wanampa advansi ya mbao, bawaba, gundi na vishikio, hela inaingia Jumatatu na Jumatano iko kwa muuza mbao. Tulijumlisha risiti zote za vifaa, wastani ukaja 2,300,000 kwa mwezi. Kwa hiyo hela yake halisi ni 1,600,000. Hii ilibidi iandikwe kwenye barua wazi, na risiti ziambatanishwe, sio kusubiri kuulizwa.

Kutoka kwenye 1,600,000 tukatoa gharama za karakana yaani pango, umeme, msaidizi na marejesho ya mkopo wa mashine, jumla 550,000. Ikabaki 1,050,000. Matumizi ya nyumbani 480,000, na hapa nilimbana sana aseme ukweli, kwanza alisema laki tatu, nikamuuliza ada umeweka, akanyamaza. Watu wanapunguza matumizi ya nyumbani kwenye hizi hesabu ili waonekane wana nidhamu, halafu mwezi wa tatu mpango unakufa kwa sababu mtoto hawezi kuacha kula. Tukabaki na 570,000.

Fundi akasema haya basi niandike laki tano na nusu. Nikamwambia subiri, kodi ya mwaka huu iko wapi? Kimya. Hili ndo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote kwenye hizi barua na linaniuma maana mtu anajitahidi kweli. Anapanga kulipa deni la mwaka jana kwa kila senti iliyobaki, anasahau kwamba huku anaendelea kufanya kazi na kodi ya mwaka huu inazaliwa kila siku. Baada ya miezi kadhaa inakuja nyingine, hana, na mamlaka nyingi zina sharti kwamba ukiwa kwenye awamu kodi mpya lazima zilipwe kwa wakati, ukikosa makubaliano yanavunjika na deni lote lililobaki linadaiwa kwa mkupuo. Kwa mapato yake tuliona anatakiwa kuweka pembeni 170,000 kila mwezi. Ikabaki 400,000.

Na 400,000 ni wastani. Wastani haulipi awamu, mwezi ndo unalipa awamu. Tukaangalia mwezi mbaya kuliko yote kati ya ile sita, kilichobaki kilikuwa 365,000. Hapo ndo tukapata namba ya kuandika, kitu kilicho chini ya 365,000 kidogo, ili hata mwezi mbaya ukija alipe.

Kumbuka barua ya kwanza ilisema 1,200,000. Mara tatu na zaidi ya uwezo wake. Na aliiandika kwa nia njema kabisa, aliona akitaja hela ndogo wataona anadharau.

Kitu kingine tulichofanya ni malipo ya mwanzo. Alikuwa na 500,000 benki na akauza randa yake ya zamani ya umeme kwa laki tatu, ikawa 800,000. Tuliilipa siku ileile kabla barua haijapelekwa, tukaambatanisha risiti. Watu wananiuliza kwa nini ulipe kabla hujakubaliwa, jibu ni kwamba deni bado linadaiwa, barua haisimamishi kitu mpaka ukubaliwe kwa maandishi, na riba inahesabiwa kwenye kilichobaki, kwa hiyo ile laki nane inaanza kukuokoa leo. Halafu ofisa akifungua faili anakuta mtu ambaye ameshaanza. Deni likabaki 4,000,000.

Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Hii hapa, nimeondoa namba za utambulisho tu:

Meneja,
Kitengo cha Usimamizi wa Madeni.

YAH: OMBI LA KULIPA DENI LA KODI YA MAPATO KWA AWAMU – NAMBA YA MLIPAKODI ..., NOTISI NAMBA ...

Rejea notisi tajwa hapo juu na mazungumzo yetu ya simu. Barua hii inachukua nafasi ya barua yangu ya awali.

Nakubali deni la 4,800,000 kama lilivyo kwenye notisi na sina pingamizi. Leo nimelipa 800,000 (risiti imeambatanishwa). Naomba kulipa 4,000,000 zilizobaki kwa awamu 12, tarehe 5 ya kila mwezi kuanzia mwezi ujao: awamu 11 za 335,000 na awamu ya mwisho 315,000 pamoja na riba itakayokuwa imejikusanya.

Siwezi kulipa kwa mara moja kwa sababu nilidhani kodi iliyozuiwa na mteja ilikuwa malipo ya mwisho, hivyo sikutenga fedha. Sina akiba nyingine. Mali kubwa niliyonayo ni mashine ya kukatia mbao, bado ina mkopo na ndiyo inayoniingizia kipato.

Kiasi ninachopendekeza kimetokana na mapato na matumizi ya miezi sita iliyopita (jedwali na stetimenti ya benki vimeambatanishwa). Sehemu kubwa ya fedha zinazoonekana kuingia benki ni advansi ya wateja kwa ajili ya vifaa, risiti za manunuzi zimeambatanishwa. Baada ya gharama za karakana, matumizi ya familia na fedha ninayotenga kwa kodi ya mwaka huu, mwezi wenye kipato kidogo zaidi ulibakiza 365,000.

Nitawasilisha ritani na kulipa kodi za mwaka huu kwa wakati. Mabadiliko yoyote ya kipato nitayatolea taarifa kabla ya tarehe ya awamu.

Naomba jibu kwa maandishi. Napatikana kwa simu ...

Jina, sahihi, tarehe.

Angalia vitu vichache hapo. Sentensi ya "inachukua nafasi ya barua yangu ya awali" niliipigania maana faili lilikuwa tayari na barua inayosema deni sio sahihi, bila kuifuta ingebaki inatembea na hii mpya. Sababu ya kutoweza kulipa ni mistari mitatu tu, na imesema ukweli hata pale ambapo kosa ni lake. Tarehe 5 haikuchaguliwa kwa kubahatisha, wateja wake wanamlipa mwisho wa mwezi, kwa hiyo tarehe 5 hela iko mkononi. Ukiweka tarehe 28 unajitega mwenyewe.

Faini hatukuigusa humo. Fundi alitaka sana tuombe ifutwe, nikamwambia hilo ni ombi jingine lina vigezo vyake, tuliandika barua fupi ya peke yake. Ilikataliwa, kutojua kanuni ya zuio hakukuonekana sababu ya kutosha. Lakini kule kukataliwa hakukugusa ombi la awamu, na hiyo ndo faida ya kutenganisha.

Tulipeleka siku ya 22 nakala mbili, moja ikagongwa muhuri wa kupokelewa tukarudi nayo. Hapo ndo nasema kuwahi kulimsaidia, kwa sababu siku 30 zilikuwa hazijaisha, faili lilikuwa bado halijapelekwa kwenye ukusanyaji wa lazima, ule wa kuandikia benki wazuie akaunti. Ombi likija baada ya hapo unajadiliana huku akaunti imefungwa na hata mbao huwezi kununua.

Siku ya 27 ofisa akapiga tena. Safari hii anasema mpango umeeleweka ila miezi 12 ni mirefu, wanaweza kuruhusu 10. Fundi akanigeukia. Milioni 4 kwa miezi 10 ni laki 4 kila mwezi, na mwezi mbaya unabakiza 365,000, haiendi. Kama tungekuwa hatuna lile jedwali nadhani angesema tu sawa, maana ukiwa na ofisa kwenye simu unataka yaishe. Lakini tulikuwa tunajua kitu kimoja, mkopo wa mashine wa 120,000 kwa mwezi ulikuwa unaisha baada ya miezi sita. Kuanzia hapo mwezi mbaya unabakiza 485,000. Kwa hiyo tukaomba awamu sita za 360,000 halafu nne za 460,000. Sita zinafika 2,160,000, nne zinafika 1,840,000, jumla 4,000,000 kamili ndani ya miezi kumi. Tukapeleka mkataba wa mkopo unaoonyesha tarehe ya mwisho. Ikakubaliwa, barua ya makubaliano ikatoka.

Ile barua ya makubaliano tuliisoma mstari kwa mstari. Ilisema riba inaendelea kwenye salio, awamu moja ikikosekana bila taarifa makubaliano yanafutika, na kila malipo yatumie namba ya kumbukumbu ya deni hilo. Hicho kipengele cha mwisho kilitutokea puani mwezi wa pili. Fundi alilipa kwa simu akatumia namba ya kumbukumbu ya kodi ya mwaka huu kwa sababu ndo iliyokuwa juu kwenye orodha ya mesej zake, hela ikaingia kwenye kodi ya mwaka huu, na kwenye deni ikasoma hajalipa. Hakujua. Niligundua mimi tarehe 9 nilipofungua akaunti yake ya mlipakodi kuangalia salio, nikaona 3,640,000 wakati ilitakiwa iwe imeshuka mpaka 3,280,000 na riba kidogo juu. Tukaandika siku hiyohiyo kuomba malipo yahamishwe, risiti ikaambatanishwa, ikachukua wiki mbili kurekebishwa lakini makubaliano hayakuvunjika kwa sababu tarehe ya kulipa ilionekana kwenye risiti. Tangu hapo kila tarehe 7 tunaangalia salio, hatuamini risiti peke yake.

Mwezi wa nne mteja mkubwa alichelewesha malipo. Tarehe 2 fundi akaniambia nina laki mbili tu. Tuliandika imeili tarehe 3, kabla ya tarehe ya awamu, mistari minne: analipa 200,000 tarehe 5, iliyobaki 160,000 tarehe 19, sababu ni invoisi ambayo haijalipwa na nakala yake hii hapa. Ofisa akajibu sawa kwa mara hii moja. Tarehe 17 ililipwa. Angekaa kimya mpaka tarehe 6 akaanza kuelezea, ingekuwa awamu iliyokosekana bila taarifa.

Ile 170,000 ya kodi ya mwaka huu tuliifungulia akaunti yake, haina kadi. Mara mbili alitaka kuigusa akanipigia kwanza, tukazungumza, hakuigusa.

Awamu ya kumi alilipa mwezi uliopita. Alifurahi akadhani imeisha, lakini salio lilikuwa linasoma 187,000, ndo ile riba ya miezi yote kumi, kama barua ilivyosema. Akailipa wiki hiyohiyo kwa namba sahihi, tukaomba barua ya kuthibitisha deni limefungwa, imetoka Alhamisi na nakala iko kwenye faili lake nyuma ya vile vyeti vitatu vya zuio.